Kodi inayopanda, kodi sawia na kodi inayoshuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifano mingi hapa imetolewa kwenye hati ya mshahara ya mfanyakazi wa Kenya, kwa sababu karatasi hiyo moja ina aina zote tatu za makato. Tena kuna kato moja lililobadilishwa mwaka 2024 kutoka aina moja hadi nyingine, kwa hiyo tofauti inaonekana wazi.

Kodi hizi tatu zinatofautiana kwa lipi?

Zinatofautiana kwa sehemu ya kipato inayoondoka kadiri kipato kinavyokua. Kodi inayopanda humega sehemu kubwa zaidi kwa mwenye kipato kikubwa: wa chini akitoa shilingi 5 katika kila 100, wa juu anatoa 20 katika kila 100. Kodi sawia humega sehemu ileile kwa wote. Kodi inayoshuka humega sehemu ndogo zaidi kwa mwenye kipato kikubwa, hata kama pesa anazotoa ni nyingi.

Kinachopanda au kushuka ni asilimia. Ukishika hilo, mabishano mengi yanakwisha.

Nitajuaje kodi fulani ni ya aina gani?

Chukua watu wawili au watatu wenye vipato vilivyoachana mbali, kwa mfano 20,000, 100,000 na 500,000 kwa mwezi. Tafuta kila mmoja analipa kiasi gani, gawa kiasi hicho kwa kipato chake, kisha zidisha kwa 100. Halafu linganisha asilimia hizo ukianza na wa chini.

```
sehemu ya kipato (%) = kodi iliyolipwa ÷ kipato × 100
```

Ukitumia jedwali la kompyuta, weka kipato safu ya A, kodi safu ya B, na kwenye C2 andika `=B2/A2*100`.

Yapo mambo mawili yanayoharibu hesabu hii. La kwanza ni kuchanganya vipindi, yaani kodi ya mwezi kugawiwa kwa kipato cha mwaka. La pili ni kumpima mmoja kwa mshahara kabla ya makato na mwingine kwa pesa zinazobaki mkononi. Chagua kipimo kimoja, ukitumie kwa wote.

Tajiri akilipa pesa nyingi kuliko maskini, kodi hiyo inawezaje kuitwa inayoshuka?

Tazama mchango wa zamani wa NHIF, bima ya afya iliyotumika Kenya hadi Septemba 2024. Kwa jedwali lililoanza Aprili 2015, mwenye mshahara wa 20,000 alikatwa 750. Wa 50,000 alikatwa 1,200. Wa 100,000 alikatwa 1,700, na hapo ndipo jedwali lilipoishia: hata wa 500,000 alikatwa 1,700.

Ukitazama shilingi pekee, mambo yanaonekana ya haki, maana wa juu anatoa zaidi ya mara mbili ya wa chini. Sasa gawa kwa mshahara. 750 katika 20,000 ni asilimia 3.75. 1,200 katika 50,000 ni asilimia 2.4. 1,700 katika 100,000 ni asilimia 1.7, na katika 500,000 ni asilimia 0.34 tu. Mshahara umekua mara 25 kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali mchango haukufika hata mara tatu. Mchango huo ulikuwa unashuka, na ulishuka kwa kasi.

Jambo moja la kuangalia: ukipima watu walio karibu karibu kwenye jedwali la namna hii, utaona asilimia inaruka juu na chini. Wa 24,999 alikatwa 750, ambayo ni asilimia 3. Wa 25,000 alikatwa 850, yaani asilimia 3.4. Tena mwenye 5,000 alikatwa 150 tu, kwa hiyo sehemu yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwenye 10,000 aliyekatwa 400. Ndiyo maana tunasisitiza vipato vilivyoachana mbali. Ngazi za jedwali hutengeneza meno kama ya msumeno, nawe unatafuta mwelekeo wa msumeno mzima.

SHIF ilibadilisha nini?

Kuanzia Oktoba 2024, NHIF ilipisha bima mpya ya afya, SHIF, na jedwali likaondolewa. Mwajiriwa sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi, bila ukomo wa juu. Wa 20,000 hukatwa 550, wa 50,000 hukatwa 1,375, wa 100,000 hukatwa 2,750, na wa 500,000 hukatwa 13,750. Gawa utakavyo, jibu ni 2.75. Hiyo ndiyo kodi sawia. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, chini ya sheria ya Machi 2024, umejengwa kwa mtindo uleule.

Tazama ni nani alipata afueni na nani aliongezewa mzigo. Wa 20,000 alipunguziwa 200 kwa mwezi. Wa 50,000 aliongezewa 175. Wa 500,000 aliongezewa 12,050. Wengi walilalamika kwamba makato yamepanda, na kwa mfuko wao walisema kweli. Lakini kupanda kwa makato ya mtu fulani ni habari moja, na kodi kuwa ya aina inayopanda ni habari nyingine. SHIF iliongeza pesa zinazokatwa wa juu bila kuwa kodi inayopanda: ilitoka kwenye kushuka ikasimama kwenye usawa.

Kwa hiyo SHIF ni sawia kabisa?

Karibu, ila ina nyufa mbili, moja chini na moja juu.

Ule wa chini unatokana na kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Asilimia 2.75 hufikia 300 pale kipato kinapokuwa takriban 10,909. Aliye chini ya hapo bado hutoa 300, kwa hiyo mwenye 5,000 anatoa asilimia 6. Kwa watu hao mchango unashuka: kadiri unavyokuwa na kidogo, ndivyo sehemu yako inavyokuwa kubwa. Kwa wenye mishahara rasmi jambo hili haligusi wengi, lakini kwa mchuuzi au kibarua linagusa sana.

Ufa wa juu haujaandikwa kwenye sheria ya bima bali kwenye sheria ya kodi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa. Maana yake, kila shilingi ya SHIF hukuokolea kodi kwa kiwango cha ngazi yako ya juu. Mwenye 100,000 yuko kwenye ngazi ya asilimia 30, kwa hiyo katika 2,750 anaokoa 825, na mzigo wake halisi ni 1,925, yaani takriban asilimia 1.9 ya mshahara. Mwenye milioni moja yuko kwenye asilimia 35, na mzigo wake unabaki takriban asilimia 1.8. Mwenye 20,000 halipi kodi ya mapato hata senti, hivyo hana cha kuokoa, na asilimia yake inabaki 2.75 nzima.

Ukiipima SHIF peke yake ni sawia. Ukiipima pamoja na nafuu ya kodi inayoandamana nayo, inashuka kidogo. Majibu yote mawili ni sahihi, mradi useme unapima nini.

Na PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara? Ile ndiyo inayopanda?

Ndiyo. Kwa ngazi za Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za kipato kinachotozwa kodi hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Kuanzia hapo hadi 500,000 ni asilimia 30, kisha asilimia 32.5 hadi 800,000, na asilimia 35 kwa kinachozidi. Mwishoni kila mlipaji hupunguziwa 2,400, ile nafuu ya mtu binafsi.

Tumkokotolee mtu ambaye kipato chake cha kutozwa kodi, baada ya michango kuondolewa, ni 50,000. Ngazi ya kwanza inatoa 2,400. Ya pili inatoa 2,083.25. Zinabaki 17,667 za asilimia 30, nazo zinatoa 5,300.10. Jumla ni 9,783.35. Ondoa nafuu ya 2,400, kodi ni 7,383.35. Gawa kwa 50,000: asilimia 14.8.

Kwa hesabu hiyohiyo, wa 20,000 angetozwa 2,000, lakini nafuu ya 2,400 inaimeza yote, basi analipa sifuri. Wa 100,000 analipa 22,383.35, sawa na asilimia 22.4. Wa 500,000 analipa 142,383.35, sawa na asilimia 28.5. Sifuri, 14.8, 22.4, 28.5: huo ndio mpando.

Wa 50,000 na wa 500,000 wote wanaishia kwenye ngazi ya asilimia 30. Mbona sehemu zao hazilingani?

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kiwango kilichoandikwa kwenye ngazi ni cha shilingi ya mwisho uliyopata, si cha mshahara mzima. Wa 50,000 ana sehemu kubwa ya pesa zake kwenye ngazi za chini, na ile nafuu ya 2,400 ni kitu kwake. Kwa wa 500,000, ngazi hizo za chini ni kipande kidogo tu, na 2,400 haionekani. Kwa hiyo sehemu yake inasogea karibu na 30 ingawa haifiki.

Ukiona mtu anatangaza kwamba "nalipa kodi ya asilimia 30" muulize anasoma ngazi au amegawa kodi kwa mshahara.

Nikiongezwa mshahara nikaingia ngazi ya juu, naweza kubaki na pesa kidogo kuliko mwanzo?

Kwa PAYE, hapana. Kiwango cha ngazi mpya hugusa zile shilingi zilizovuka mpaka tu. Ukivuka 500,000 kwa shilingi 1,000, shilingi hizo 1,000 zinatozwa 325, unabaki na 675 zaidi kabla ya makato mengine. Zile 500,000 za chini haziguswi.

Woga huu una asili yake, kwani yapo majedwali yanayofanya kazi hivyo. NHIF ilikuwa moja. Wa 14,999 alikatwa 500, wa 15,000 alikatwa 600. Nyongeza ya shilingi moja ilimgharimu 100. Tofauti ni kwamba jedwali la NHIF lilitoza mshahara mzima kwa ngazi uliyoangukia, ilhali PAYE hukata mshahara vipande na kutoza kila kipande kwa kiwango chake. Ukisoma jedwali lolote la kodi, tafuta neno "kinachozidi". Likiwapo, ni vipande. Lisipokuwapo na badala yake kuna kiasi kimoja mbele ya kila ngazi, chunga mipaka.

Lazima kodi iwe na ngazi nyingi ndipo ipande?

Hapana. Kiwango kimoja chenye kiasi kilichosamehewa chini kinatosha. Tuseme nchi inasamehe 30,000 za kwanza na kutoza asilimia 20 ya kinachozidi. Wa 40,000 analipa 2,000, ambayo ni asilimia 5. Wa 100,000 analipa 14,000, asilimia 14. Wa 300,000 analipa 54,000, asilimia 18. Kiwango ni kimoja, lakini sehemu inapanda.

Kwa hiyo usidanganywe na umbo. Kodi yenye ngazi nyingi inaweza kushuka, kama NHIF ilivyoonyesha, na kodi ya kiwango kimoja inaweza kupanda. Gawa kwanza.

VAT ni asilimia 16 kwa kila mtu. Si sawia hiyo?

Ni sawia kwa matumizi. Kwa kipato, kwa kawaida inashuka, kwa sababu mwenye kipato kidogo hutumia karibu chote alichopata, na mwenye kingi huweka akiba, hununua shamba au husomesha.

Kwanza jua kutoa VAT ndani ya bei. Bei ya dukani imeshabeba kodi, basi usizidishe kwa 16. Zidisha kwa 16 kisha gawa kwa 116. Kitu cha 1,160 kina VAT ya 160, si 185.60. Kosa hili huongeza kodi kwa asilimia 16 nzima na huharibu hesabu yote.

Sasa chukua kaya mbili za mfano. Ya kwanza ina 30,000 kwa mwezi, na 18,000 zinaenda kwenye bidhaa zenye VAT. Kodi iliyomo ni takriban 2,483, sawa na asilimia 8.3 ya kipato. Ya pili ina 300,000, na 90,000 zinaenda kwenye bidhaa hizo. Kodi ni takriban 12,414, asilimia 4.1. Kaya ya pili imetoa mara tano zaidi, lakini sehemu yake ni nusu.

Wapo wanaopinga kipimo hiki, na hoja yao ina uzito: akiba ya leo itatumika kesho, na hapo itatozwa VAT. Ukipima maisha yote ya mtu, mshuko unapungua. Hauishi, kwa sababu mali nyingine hurithishwa na nyingine hutumika kwenye vitu visivyo na VAT.

Misamaha nayo hubadilisha picha. Nchini Kenya mkate wa kawaida hutozwa asilimia sifuri, na mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa yamesamehewa. Kwa kuwa chakula hula sehemu kubwa ya pesa za kaya maskini, msamaha huo huvuta asilimia ya kaya ya kwanza chini. Ndiyo sababu pendekezo la 2024 la kuutoza mkate VAT lilizua kelele kuliko ukubwa wa pesa zenyewe.

Kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa biashara ndogo iko kundi gani?

Inategemea unaigawa kwa nini. Kwa mauzo ni sawia. Lakini kipato cha mfanyabiashara ni faida. Weka wafanyabiashara wawili, kila mmoja akiuza milioni 2 kwa mwaka, kila mmoja akilipa 60,000. Muuza sukari na unga kwa jumla anabakiwa na faida ya asilimia 6, yaani 120,000; kodi imechukua nusu yake. Fundi nywele anabakiwa na asilimia 40, yaani 800,000. Kodi imechukua asilimia 7.5. Aliyepata kidogo ametoa sehemu kubwa zaidi. Na mwenye hasara? Analipa vilevile.

Michango yenye ukomo, kama ule wa pensheni wa NSSF, huhesabiwaje?

Hiyo huwa na sura mbili. Kwa viwango vya Februari 2025, mwajiriwa alikatwa asilimia 6 ya mshahara hadi 72,000, basi kato kubwa kabisa likawa 4,320. Hadi hapo ilikuwa sawia. Juu ya hapo ilishuka: wa 144,000 alitoa asilimia 3, na wa 500,000 hata asilimia 0.9 haikufika.

Ila pesa hizo zimewekwa kwa jina lako na zitarudi kama pensheni, tofauti na kodi ya kawaida. Wengine kwa sababu hiyo hawaihesabu kabisa. Sisi tunaihesabu tunapouliza ni kiasi gani kinaondoka kwenye mshahara wa leo.

Kodi ya kichwa ilikuwa aina gani?

Inayoshuka, tena kwa namna iliyo kali kuliko zote. Kiasi ni kimoja kwa kila mtu mzima, kwa hiyo anayepata mara kumi zaidi hutoa sehemu iliyo moja ya kumi. Ada yoyote isiyobadilika, iwe ya leseni, kitambulisho au maegesho, hufuata hesabu hiyohiyo.

Makato yote yakijumlishwa kwenye hati moja, mfumo mzima unapanda au unashuka?

Hili ndilo swali la kumaliza nalo, maana mtu hakatwi kodi moja moja. Tujumlishe NSSF ya 2025, SHIF, ushuru wa nyumba na PAYE, tukigawa kwa mshahara ghafi.

Wa 20,000: NSSF 1,200, SHIF 550, nyumba 300, PAYE sifuri. Jumla 2,050, takriban asilimia 10.

Wa 50,000: NSSF 3,000, SHIF 1,375, nyumba 750. Hizo zikiondolewa, kipato cha kutozwa kodi kinabaki 44,875, na PAYE yake ni 5,845.85. Jumla 10,970.85, takriban asilimia 22.

Wa 500,000: NSSF 4,320, SHIF 13,750, nyumba 7,500. Kinabaki 474,430, na PAYE yake ni 134,712.35. Jumla 160,282.35, takriban asilimia 32.

Kwa hiyo hati nzima inapanda, ingawa ndani yake kuna NSSF inayoshuka na makato mawili yaliyo sawia. PAYE ndiyo inayobeba mpando wote. Lakini hesabu hii imeishia kwenye karatasi ya mshahara. Ukitaka kuipeleka hadi dukani, chukua matumizi yako ya mwezi mmoja yenye VAT, yazidishe kwa 16, yagawe kwa 116, ujumlishe na makato, kisha ugawe tena kwa mshahara ghafi. Kwa wa 20,000 anayetumia 10,000 kwenye bidhaa zenye VAT, zinaongezeka 1,379, na asilimia yake ya 10 inakuwa 17. Kwa wa 500,000 anayetumia 120,000, zinaongezeka 16,552, na 32 inakuwa takriban 35.